Tupeane uzoefu: rangi za slaidi zinazosomeka kwenye projekta iliyofifia

Mhasibu, Upanga: Habari za kazi, ndugu zangu. Juma lililopita niliwasilisha hesabu za nusu mwaka saa nane mchana, katika ukumbi wenye madirisha pande mbili. Slaidi zangu zilikuwa za bluu nzito (#00008B) na maandishi mekundu (#FF0000). Kwenye kompyuta zilipendeza, lakini ukutani wajumbe waliona kijivu kitupu, ikanibidi nisome kila tarakimu kwa sauti. Wenzangu mlifanyaje?

Mwalimu, Temeke: Mimi huchagua rangi kali. Maandishi ya manjano juu ya bluu nzito husomeka hadi dawati la mwisho, hata bila mapazia.

Fundi wa projekta, Kariakoo: Mwalimu, manjano inakusaidia kwa sababu ina mwanga mwingi, wala si kwa ukali wake, nyekundu nayo ni kali, lakini imemwangusha mhasibu. Projekta haina uwezo wa kutoa weusi, kwa hiyo sehemu nyeusi ya slaidi ni ukuta wenyewe, pamoja na mwanga wowote unaoupiga. Tuseme weupe wa projekta ni 100, na dirisha linaongeza 25 kila mahali. Bluu ile ni 2 na nyekundu ni 21, yaani gizani zinapishana mara kumi. Mchana zinakuwa 27 na 46, hazifikii hata mara mbili. Ukiiandika bluu hiyohiyo juu ya weupe, unapata 27 kwa 125, zaidi ya mara nne, na katika chumba hicho hata weusi kamili usingevuka mara tano.

Mwanafunzi, Ubungo: Je, nipake ukuta wa bweni rangi gani ili filamu ionekane vizuri?

Fundi wa projekta, Kariakoo: Mdogo wangu, hapa tunazungumzia slaidi. Wewe anza na pazia zito.

Afisa takwimu, Kinondoni: Kwangu tatizo lilikuwa grafu. Mstari wa kijani na wa chungwa ulionekana mmoja, nikaja kugundua kwamba nikiigeuza slaidi kuwa ya kijivu tupu, yote miwili hutoa kijivu kilekile. Siku hizi nafanya jaribio hilo kwanza, kisha mstari mmoja nauacha mnene na mwingine naukatakata.

Mwalimu, Temeke: Nimekuelewa, fundi, ila slaidi nyeupe huwachosha wanafunzi wangu macho kwa kipindi kizima, kwa hiyo nitabaki na manjano yangu.

Fundi wa projekta, Kariakoo: Sikukatazi, Mwalimu, lakini ijaribu kwenye projekta yenyewe utakayotumia. Baadhi huongeza weupe peke yake, na manjano ikatoka kama haradali.

Mhasibu, Upanga: Leo nimerudi ukumbini saa ileile nikiwa na bluu juu ya weupe, na kutoka kiti cha nyuma nimesoma jedwali lote. Kilichopotea ni nembo yetu ya manjano, ambayo hairuhusiwi kubadilishwa rangi. Nimeizungushia kisanduku cha bluu nzito kwa sasa. Sijui wakubwa watakipokeaje.