Mrejesho: hadithi ya marafiki wa kalamu

Niliuliza: “Nitaandikaje hadithi fupi ya barua zinazopishana Kiswahili na Kifaransa bila kumpoteza msomaji?”

Ndugu zangu, nawashukuru, hadithi imekamilika. Kila jibu sasa linabeba kiini cha barua iliyotangulia, hivyo asiyejua Kifaransa anaipata habari kupitia majibu ya Kiswahili. Urafiki wenyewe, ambao ndio ulionisumbua zaidi, nimeuonyesha kwa masahihisho: mwanzoni yule wa Tanga anamrudishia mwenzake wa Lyon makosa ya sarufi kwa wino mwekundu, lakini huyo anapofiwa na mama yake na kuandika, kwa Kiswahili kilichovurugika, “mama yangu amekwisha kufa na mimi napika chakula yake”, anajibiwa kwa pole ndefu isiyogusa kosa hata moja.