Bosi anasema dokezo langu ni kali na refu, nikilifupisha anasema limezidi ukali! Anataka nini?

Mzee wa Vocha:
Wakuu, nimechoka na naandika nikiwa na hasira. Niko kitengo cha uhasibu, ofisi moja hapa Mtumba. Niliagizwa kuandaa dokezo kwa watumishi wote kuhusu masurufu ya safari ambayo hayajarejeshwa. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Watu wamekwenda kikazi Kondoa, Manyoni na Singida, wamerudi zamani, risiti hawaleti, na hesabu zikikaguliwa anayeulizwa ni mimi!

Nikaandika kurasa mbili. Jalada likarudi na maneno mawili pembeni: "Kali. Ndefu." Hakupiga mstari hata sentensi moja. Nikakata salamu, nikakata shukrani kwa waliokwisha kurejesha, nikakata aya inayoeleza kwa nini hesabu zinabana. Likabaki ukurasa mmoja. Likarudi tena: "Sasa ndiyo kali zaidi." Huu ni uonevu. Mtu mzima unarudisha kazi bila kuonesha tatizo liko wapi, halafu kila siku inayopita unaniuliza dokezo limefikia wapi.

Aya ya pili, ambayo wengine wanadai ndiyo inayokera, hii hapa: "Kumekuwa na tabia ya makusudi ya baadhi ya watumishi kutorejesha masurufu licha ya kukumbushwa mara tatu, jambo linaloonesha uzembe na dharau kwa ofisi. Tabia hii haitavumiliwa." Uongo uko wapi hapo?

Binti Nkuhungu:
Pole mkuu. Weka "tafadhali" na "mnaombwa" kila aya. Mimi hufanya hivyo na halijawahi kurudi.

Mzee wa Vocha:
Dada, nikiongeza tafadhali kumi si linarefuka tena? Na mtu akiombwa anaona ana hiari.

Kizota Kwetu:
Hata mimi nilipewa barua ya onyo kali mwaka jana kwa kuchelewa, daladala ya asubuhi iliharibika. Kata rufaa, usikubali kuonewa.

Mzee wa Vocha:
Ndugu, sijapewa onyo. Mimi ndiye ninayeandika.

Masijala Mstaafu:
Kijana, bosi wako amekosea kukurudishia bila kuonesha mahali, hapo nakuunga mkono. Ila tazama ulichokata. Umeondoa shukrani na sababu, lawama zikabaki. Ndiyo maana karatasi ilipungua na ukali ukapanda.

Soma aya yako ya pili kama aliyesafiri Manyoni akalala nyumba ya wageni isiyo na mashine ya EFD. Hana risiti, anaogopa kuja kwako. Unamwambia ana makusudi, uzembe na dharau. Hayo matatu huna ushahidi nayo. Ulicho nacho ni kwamba marejesho hayajafika. Andika hicho tu. Na "licha ya kukumbushwa mara tatu" itoe, madokezo ya nyuma yamo kwenye jalada, anayetaka atayaona.

Kisha anza na unachotaka. Mimi ningeandika hivi:

"YAH: MAREJESHO YA MASURUFU YA SAFARI. Kila mtumishi mwenye masurufu ambayo hayajarejeshwa awasilishe marejesho kwa mhasibu kabla ya saa 9:30 alasiri, tarehe 20 Juni, akiambatisha risiti, tiketi na ripoti ya safari. Hesabu za mwaka zinafungwa tarehe 30 Juni na marejesho yanahitaji muda wa kuhakikiwa. Asiye na risiti amuone mhasibu kabla ya tarehe 20. Masurufu yatakayobaki baada ya hapo yatakatwa kwenye mshahara. Tunawashukuru waliokwisha kurejesha."

Adhabu imo, tarehe imo. Hakuna aliyetukanwa.

Binti Nkuhungu:
Mzee, hiyo ya mshahara si ndiyo kali kuliko zote? Bosi ataitoa.

Masijala Mstaafu:
Akiitoa, tarehe 20 itapita kimyakimya. Binti, kukatwa ni utaratibu, unampata kila aliyechelewa sawasawa. "Haitavumiliwa" haimwambii mtu atafanywa nini, inamkasirisha tu.

Mzee wa Vocha:
Mzee wangu shikamoo. Hii naichukua, ni fupi na inasema kitu. Lakini kufuta ile ya kukumbushwa mara tatu sikubali. Ukaguzi ukija watasema mhasibu alinyamaza.

Masijala Mstaafu:
Marahaba. Basi iweke kwenye dokezo la kumpelekea bosi, pamoja na kumbukumbu namba za yale matatu. La watumishi liache safi. Wasomaji ni wawili, usiwaandikie karatasi moja.

Ihumwa Stesheni:
Na orodha ya majina? Kwetu iliambatishwa, ikabandikwa ubaoni na kiasi cha kila mmoja. Watu walirejesha ndani ya wiki, ila wawili hawamsalimii mhasibu hadi leo.

Masijala Mstaafu:
Ubaoni hapana. Kila mtu apewe lake kwa bahasha.

Mzee wa Vocha:
Bahasha zote hizo nani ataziandika, na bosi analitaka kesho asubuhi? Naona Ihumwa ana hoja.