Chai ya mkandaa ndani ya glasi: kuacha mwanya, kuzamisha, au kugawa nyuso?

BintiKuze
Salaam jamaa. Nina kazi ya menyu ya mkahawa mmoja hapa Mji wa Kale. Wanataka glasi ya chai ya mkandaa ionekane kama imepigwa picha. Natumia Blender, injini ni Cycles. Glasi ina kipenyo cha milimita 60 kwa nje na ukuta wa milimita 3, kwa hiyo chai yenyewe ina 54. Naona watu wana njia tatu: wengine huiacha chai mbali kidogo na ukuta, wengine huizamisha ndani ya ukuta, na wengine hugawa nyuso zenyewe. Tofauti inaonekana kwa macho, au ni ubishi wa mafundi tu? Kwa sasa nimeacha mwanya wa nusu milimita na chai inaonekana kama imetiwa kwenye mfuko wa nailoni kisha ikawekwa ndani ya glasi.

KisauniTiriDi
Mwanya achana nao. Mie huzamisha. Ukiwa Edit Mode chagua nyuso za ubavuni za chai, bonyeza `Alt+S`, zikuze mpaka ziingie ukutani kama robo milimita. Uso wa juu usiuguse. IOR, yaani kiasi cha kupinda mwanga, kioo iwe 1.5, chai 1.33, kazi imekwisha. Hakuna hewa katikati, kwa hiyo fizikia iko sawa kabisa.

MzeeWaPoligoni
Binti, tofauti inaonekana, na kwa vipimo vyako naweza kukwambia ni wapi.

Ukuta wa ndani uko milimita 27 kutoka katikati. Nyuma yake kukiwa na hewa, mwale wowote unaokuja umepita zaidi ya milimita 27 kando ya mhimili hautoki kuingia ndani. Unaakisiwa wote na kurudi kwenye kioo. Ndiyo maana kila upande unaona utepe wa milimita 3 usio na rangi ya chai. Huo ndio mfuko wako wa nailoni. Na hata ukipunguza mwanya uwe mwembamba kama unywele, utepe hauondoki, kwa sababu unaletwa na hewa, si na upana wa mwanya.

Chai ikigusa kioo, kikomo hicho kinasogea mpaka 27 × 1.33, karibu 36. Glasi yako inaishia 30. Kwa hiyo hakuna mwale unaokataliwa, na rangi inafika hadi ukingo wa nje. Nenda jikoni, mimina chai nusu glasi, itazame kwa usawa wa macho ukiwa umesimama mbali kidogo. Juu ya chai utauona unene wa ukuta. Chini yake ukuta umepotea.

Kisauni, wewe uko sawa nusu. Kwa njia yako mwale unaingia kioo kwa 1.5, unaingia chai kwa 1.33, kisha unatoka ukuta wa ndani kwa kugawanya 1.5. Zile 1.5 mbili zinafutana na inabaki 1.33, kwa hiyo upande unaoelekea ni sahihi. Lakini Cycles haijui kwamba chai imo ndani ya kioo. Kila uso inauhesabu kana kwamba ng'ambo ya pili ni hewa. Mpaka halisi wa kioo na maji huakisi kiasi cha 0.4% ya mwanga unaoupiga wima. Wako unaakisi 4% za ukuta na 2% za chai. Utapata mng'aro wa pili ndani ya glasi, sambamba na ule wa nje, ambao glasi iliyojaa haina.

KisauniTiriDi
Asilimia sita mzee! Nani ataiona kwenye menyu?

MzeeWaPoligoni
Kwenye ukuta mweupe, hakuna. Chai ya mkandaa ni nyeusi, na taa ya boksi ikiwa ubavuni, mstari mweupe juu ya kitu cheusi unaonekana hata na mteja asiyejua kitu.

LikoniMjenzi
Nami nina shida hiyohiyo. Nyumba ya Nyali, vioo vya madirisha nimeweka IOR 1.5, bahari yote nyuma imepinda na kusogea. Nizamishe nini?

MzeeWaPoligoni
Ndugu, yako ni nyingine. Dirisha lako ni karatasi moja isiyo na unene, kwa hiyo mwale unaingia kioo na hautoki tena. Kwa Cycles, bahari nzima imo ndani ya kioo. Weka Solidify ya milimita 6 na mambo yatanyooka.

BintiKuze
Nimeshawishika. Hiyo ya kugawa nyuso inafanywaje?

MzeeWaPoligoni
Kanuni ni moja: nomali, yaani mshale unaoonyesha uso unatazama wapi, inatazama nje ya kitu, na IOR ya uso ni ya kitu kilicho nyuma ya nomali kugawanywa kwa ya kile kilicho mbele yake.

Kwenye ukuta wa ndani wa glasi, kata duara kwa `Ctrl+R` pale chai inapoishia. Nyuso zote za ndani zilizo chini ya duara hilo zipe materiali ya pili, Glass BSDF pia, ila IOR ni hii:

```
1.5 / 1.33 = 1.128
```

Nomali zake usiziguse, ziendelee kutazama ndani ya glasi. Kisha nakili duara, lijaze kwa `F`, litenge kwa `P`. Hicho ndicho kifuniko cha chai, IOR 1.33, nomali juu. Washa Face Orientation: ukitazama kutoka juu kiwe buluu. Kikiwa chekundu, kigeuze.

Rangi haiwezi kukaa kwenye vipande hivyo, kwa sababu ujazo unataka umbo lililofungwa. Tengeneza umbo la tatu lenye sura ya chai, dogo kwa sehemu ya kumi ya milimita, liunganishe na Volume peke yake, Surface iache wazi. Hilo halipindi mwanga, kwa hiyo mwanya wake hauna madhara.

mchora_tudor
Na vipimo viwe vya kweli. Glasi ikiwa na sentimita 10, Volume Absorption yenye Density 1 karibu haitoi rangi yoyote, maana inahesabu kwa mita. Kwa mkandaa mie hutumia Density 60 na rangi 0.9, 0.5, 0.1. Katika milimita 54 hupita nyekundu 72%, kijani 20%, buluu 5%. Na `Ctrl+A` Scale kabla ya yote.

KisauniTiriDi
Haya, nakubali kwa picha tuli. Lakini mie napata kazi za chai inayomiminwa. Umbo la kimiminika linabadilika kila fremu, hilo duara utalikata mara ngapi?

MzeeWaPoligoni
Hapo zamisha, sina ubishi. Ila hesabu nyuso: kwa kuzamisha mwale unavuka nyuso 6 kwa glasi moja, kwa kugawa ni 4. Glasi mbili zikipangana nyuma kwa nyuma umefika 12, ambayo ndiyo kikomo cha Total na Transmission Blender inapofunguliwa, na nyuma yake kunatokea weusi. Pandisha vyote viwili hadi 24.

mchora_tudor
Au uhamie LuxCoreRender, ambako kila ujazo una kipaumbele chake. Unazamisha, injini yenyewe inaamua nani yuko ndani ya nani.

KisauniTiriDi
Kwa kompyuta yangu? Nitaisubiri mpaka Idi.

BintiKuze
Nimejaribu kugawa. Utepe umeondoka, ukuta umepotea chini ya chai kama mzee alivyosema. Swali limebaki moja: mteja anataka pia ya baridi, yenye barafu. Barafu iliyozama naelewa, 1.31 kwa 1.33, karibu 0.98, iwe haionekani sana. Lakini kipande kinachoelea, sehemu yake ikiwa hewani?

MzeeWaPoligoni
Mie hukikata usawa wa chai, juu 1.31, chini 0.98 kwa Glass BSDF. Principled haikubali chini ya 1.

mchora_tudor
Mie sikati. Pale chai inapopanda kidogo kwenye barafu, ukikata kwa mstari ulionyooka inaonekana imekatwa na msumeno. Naiacha yote 1.31 na naongeza vipovu ndani.

MzeeWaPoligoni
Basi barafu yako ya chini itang'aa kama iko hewani.

mchora_tudor
Inang'aa, na wateja wanaipenda.