Msaada wakuu: nimepata 2π², jibu la nyuma ya kitabu ni 16π/3. Nimekosea wapi?

Bweni_Namba_Nne aliandika:

Wakuu, habari za jioni. Swali linataka intigrali ya √(4 − x² − y²) dx dy juu ya eneo lililoandikwa kwenye picha hapo chini. Samahani kwa ubora wake, taa ya huku ni hafifu na kivuli cha simu kimeangukia upande wa kulia wa karatasi.

[picha]

Eneo ni duara, kwa hiyo nikaamua kutumia viwianishi vya pola. Nimeweka r² mahali pa x² + y², r inatoka 0 hadi 2, θ inatoka 0 hadi 2π, na dx dy nikaiandika dr dθ. Ikabaki hivi:

```
∫(0→2π) ∫(0→2) √(4 − r²) dr dθ
```

Ya ndani nimeipiga kwa r = 2 sin t, ukurasa mzima, nikapata π. Nikazidisha kwa 2π, jibu 2π². Nimerudia mara tatu na haibadiliki. Jumatatu nina jaribio, na nataka nielewe kabisa, sio kukariri tu. Nawasilisha.

---

Chombo_Baharini aliandika:

Mkuu, kwanza hongera kwa kuonyesha kazi yako. Mimi nakupa njia ya kujipima: weka 1 mahali pa ile √(4 − r²). Intigrali ya 1 lazima itoe eneo la duara. Kwa mpangilio wako, 2 mara 2π ni 4π. Eneo la duara lenye nusukipenyo 2 ni π mara 4, yaani 4π. Zimelingana. Kwa hiyo mpangilio wako uko sawa na kosa ni la kitabu. Majibu ya nyuma huwa yanakosewa wakati wa kuchapa, mimi nimeshakutana nayo.

---

Mama_Zai aliandika:

Mdogo wangu, mbona umeanza θ kwenye 0 hadi 2π? Naona kwenye picha eneo ni x² + y² ≤ 4x. Hilo duara kitovu chake ni (2, 0), hakipo kwenye asili. Hapo r inatoka 0 hadi 4 cos θ na θ inatoka −π/2 hadi π/2. Nililikosa swali la namna hii mwaka wangu wa pili kwa sababu hiyohiyo, niliweka 2π bila kuchora. Anza kwa kuchora.

---

Bweni_Namba_Nne aliandika:

Dada, ahsante, ila hiyo sio x. Ni alama ya koma na wino umesambaa. Nimepiga picha nyingine mchana huu karibu na dirisha:

[picha]

Ni x² + y² ≤ 4. Na kaka Chombo_Baharini, nimefurahi kusikia hivyo, ila nimeuliza wenzangu wawili na wote wamepata 16π/3.

---

Chaki_na_Vumbi aliandika:

Kijana, kitabu kiko sahihi. Umesahau r moja, na nitakuonyesha inatoka wapi. Lakini naanza na hilo la picha, maana hata ile ya kwanza ilikuwa inatosha kutegua utata. Kama eneo lingekuwa x² + y² ≤ 4x, nukta (3, 0) ingekuwa ndani yake, kwa sababu 9 ni ndogo kuliko 12. Sasa weka nukta hiyo chini ya kipeuo: 4 − 9 ni −5. Hakuna mtunga swali anayekupa kipeuo cha pili cha namba hasi katikati ya eneo. Ukiona hivyo, ujue umesoma picha vibaya. Mama_Zai, mipaka uliyoitoa ni sahihi kabisa kwa duara hilo lingine, sio kwa hili.

Chombo_Baharini, kipimo chako cha kuweka 1 ni kizuri na mimi huwafundisha wanafunzi wangu. Bahati mbaya namba 2 imekudanganya. Bila r, mpangilio wa kijana unatoa 2πR. Kwa r, unatoa πR². Sasa R ikiwa 2, vyote viwili ni 4π. Rudia kwa R = 3: bila r unapata 6π, na eneo halisi ni 9π. Tazama pia 2πR ni kitu gani. Ni mzingo. Mpangilio ule ulikuwa unapima urefu wa ukingo, sio eneo. Ukitumia kipimo hiki, acha nusukipenyo kiwe herufi R, usiweke namba.

Sasa r yenyewe. Chukua kipande kidogo kilicho kati ya r na r + Δr, chenye pembe Δθ. Upande mmoja ni Δr. Upande wa pili ni tao, na urefu wa tao ni nusukipenyo mara pembe, yaani rΔθ. Δθ peke yake ni pembe, haina urefu. Fanya kwa namba: Δr = 0.1 na Δθ = 0.1. Kipande kinachoanzia r = 1 kina eneo la 0.0105. Kinachoanzia r = 1.9, kwa Δr na Δθ zilezile, kina 0.0195. Karibu mara mbili! Wewe ulivihesabu vyote kama 0.01, kwa hiyo vipande vya karibu na kitovu umevipa uzito kupita kiasi na vya ukingoni umevipunja. Na kwa kuwa √(4 − r²) ni kubwa katikati na sifuri ukingoni, ndiyo maana jibu lako limezidi: 2π² ni kama 19.74, na 16π/3 ni kama 16.76.

Weka r, uone ule ukurasa wako mzima unavyokuwa mistari miwili:

```
u = 4 − r²,  du = −2r dr
∫(0→2) r√(4 − r²) dr = ½ ∫(0→4) √u du = ½ · (2/3) · 8 = 8/3
8/3 · 2π = 16π/3
```

Uhakiki: z = √(4 − x² − y²) ni nusu ya juu ya tufe lenye nusukipenyo 2. Ujazo wa tufe zima ni (4/3)π mara 8, yaani 32π/3. Nusu yake ni 16π/3. Na hata kabla ya kujua kosa liko wapi, ungeona π² ukashtuka, kwa sababu ujazo wa nusu tufe hauna π mbili.

---

Mkulima_Bonde aliandika:

Samahani kuingilia, mimi sio mtu wa intigrali, ni mtu wa umwagiliaji. Lakini maelezo ya mwalimu yamenigusa, maana mwaka jana nilihangaika wiki nzima na jambo linalofanana na hili.

Nilikuwa napima kinyunyizio kinachorusha maji mita 6. Nikapanga makopo kwa mstari mmoja kutoka kwenye kinyunyizio: mita 1, mita 3 na mita 5. Baada ya saa moja nikapima kina cha maji kwa rula: milimita 9, 6 na 3. Wastani 6. Nikazidisha na eneo la duara, nikapata kama lita 679. Mita ya maji ilisoma lita 550. Nikaanza kuilaumu mita, nikaifungua na kuifunga tena, nikamsumbua na fundi bure.

Nikisoma hapa naona kopo la mita 5 lilikuwa linasimamia pete kubwa kuliko la mita 1. Ni hivyo?

---

Chaki_na_Vumbi aliandika:

Ni hivyo hasa, ndugu yangu. Kopo la kwanza linasimamia duara la 0 hadi 2, eneo 4π. La pili pete ya 2 hadi 4, eneo 12π. La tatu pete ya 4 hadi 6, eneo 20π. Uwiano ni 1, 3, 5, yaani umbali wenyewe wa makopo. Hiyo ndiyo r anayoiuliza kijana. Wastani sahihi ni (9×1 + 6×3 + 3×5) gawanya kwa 9, unapata kama milimita 4.67. Kwa eneo lako la mita za mraba 113.1, hizo ni kama lita 528.

Zilizobaki mpaka 550 huenda ni upepo na mvuke, na makopo matatu ya mstari mmoja ni machache. Weka mistari minne kuzunguka, kwa sababu upepo unasukuma maji upande mmoja na hapo kina kinategemea θ pia. Mita yako haikuwa na kosa kubwa.

---

Chombo_Baharini aliandika:

Mwalimu nimekubali, nimejaribu kwa R = 3 na nimeona. Kijana, samahani, nilikuwa nakupeleka pabaya.

---

Bweni_Namba_Nne aliandika:

Hakuna shida kaka. Mwalimu, nashukuru sana. Makopo ndiyo yamenifungua macho, sasa naviona vipande vyenyewe.

Nimeenda kujaribu sehemu ya (b), e^(−(x² + y²)) juu ya duara la nusukipenyo 1. Jana nilikwama kabisa kwa sababu ∫e^(−r²) dr haipigiki. Leo r imeingia, u = r², ya ndani ikawa ½(1 − 1/e), jibu π(1 − 1/e), kama 1.99. Nikahakiki: eneo ni π, na e^(−r²) yenyewe iko kati ya 1/e na 1, kwa hiyo jibu lazima liwe kati ya 1.16 na 3.14. Limo.

Limebaki moja linalonisumbua. Najua x = r cos θ na y = r sin θ. Nikatafuta dx na dy, nikazizidisha kawaida:

```
dx = cos θ dr − r sin θ dθ
dy = sin θ dr + r cos θ dθ
```

Zinatokea dr² na dθ², na mbele ya dr dθ kuna r(cos²θ − sin²θ), sio r. Kwa nini njia hii haitoi jibu lilelile?

---

Chaki_na_Vumbi aliandika:

Swali zuri kuliko lile la kwanza. dx dy ndani ya intigrali ni eneo la kipande, sio namba mbili zinazozidishwa kawaida. Fikiria mishale miwili inayofunga kipande. dr na dr zinaelekea upande mmoja, hazifungi eneo lolote, kwa hiyo dr² ni sifuri, na dθ² vilevile. Na ukibadili mpangilio, dθ dr ni −dr dθ. Rudia kuzidisha kwa kanuni hizo mbili: unapata r cos²θ + r sin²θ, yaani r. Ni jibu lilelile la detaminanti ya Jakobi.

---

Mama_Zai aliandika:

Mwalimu, dr² kuwa sifuri nimeelewa. Ila hiyo alama ya kutoa ukibadili mpangilio, eneo linakuwaje hasi? Mbona tukigeuza mpangilio wa kuintigreti, dθ kwanza halafu dr, jibu halibadiliki?

---

Bweni_Namba_Nne aliandika:

Hapo hapo na mimi ndipo niliposimama, dada. Tunamsubiri mwalimu.