Mrejesho: barua ya kumruhusu mtoto wetu kutoka wodi ya watoto wachanga

Niliuliza kuhusu manjano ya ngozi ya mtoto: "Barua inasema 'arudi manjano yakizidi', tutajuaje yamezidi?"

Siku ya 4 nilimsogeza mtoto dirishani, nikabonyeza ngozi ya wayo wake kwa kidole, na nilipoachia pakabaki manjano. Tukaenda kliniki papo hapo, akapimwa bilirubini, yaani kitu cha manjano kilichomo kwenye damu, na kurudishwa hospitali kuwekwa chini ya taa ya bluu. Barua mpya, ambayo nakala yake iko kliniki, inataja tarehe ya kupima tena, kwa kuwa manjano huweza kupanda upya baada ya taa kuzimwa, na inaagiza anyonye angalau mara 8 kwa saa 24, akiamshwa ikibidi. Akikataa kunyonya, akilegea au akipata degedege, tumkimbize hospitali hata usiku, tusisubiri tarehe hiyo.