Mrejesho: picha ya zahanati ya kijiji

Niliuliza: "Nataka picha ya zahanati tutakayojenga, ya kuonyesha kwenye harambee, lakini programu ya AI ya kuchora picha inanipa jumba la vioo. Niandikeje maelezo?"

Wakuu, imekubali. Vioo vililetwa na neno "ya kisasa", nikalitoa. "Inayokaribisha" nayo haikusaidia, hivyo nikaandika vinavyoonekana: baraza la upana wa mita 2, benchi la saruji, mama amekaa na mtoto, njia ya mteremko hadi mlangoni. Kuta za matofali ya kuchoma, msingi wa mawe. Nilipotaja jua la saa saba mchana, kivuli cha paa kikafunika benchi lote. Kibao kilitoka na herufi za ajabu, nikakifuta.

Mkutanoni mzee mmoja akauliza, "Mwembe wetu mmeukata?" Kumbe sikuuandika! Nimeurudisha, na chini nimeweka: picha ya mfano, si ramani.