Ln n peke yake: kumi au nne?

Binti Igoma
Swali la mtihani: "Jumla ya 1 + 1/2 + 1/3 + ... + 1/n inakua kwa kasi gani?" Mwanafunzi kachora kurva ya 1/x, kaandika "integrali inakwenda infiniti, kwa hiyo jumla = ln n", akafunga karatasi. Msahihishaji mmoja kampa 10, mwingine kampa 4. Nani kakosea?

Jiwe Kubwa
Kumi. Kaulizwa kasi, kajibu kasi. Mlitaka awaletee na chai?

Mwalimu wa Nyegezi
Nne, na hiyo ni huruma. Alama ya "=" pale ni uongo unaopimika. Weka n = 10: jumla ni 2.929, ln 10 ni 2.303. Hiyo tofauti ya 0.63 huwezi kusema ni ya kalamu.

Mchoro alioanza nao ulikuwa na jibu zima, ila hakuusoma. Simamisha mistatili, kila mmoja upana 1, wa kwanza urefu 1, wa pili nusu, wa tatu theluthi. Mstatili wa k ukikaa kati ya k na k+1, kichwa chake kinatokeza juu ya kurva, kwa hiyo jumla inalizidi eneo la kuanzia 1 hadi n+1, yaani ln(n+1). Sasa isukume yote hatua moja kushoto. Inaingia chini ya kurva, isipokuwa ule wa kwanza unaobaki nje. Kwa hiyo jumla haizidi 1 + ln n. Mistari miwili tu:

ln(n+1) ≤ jumla ≤ 1 + ln n

Hapo ndipo unapata haki ya kutamka neno "kasi". Bila kubana juu na chini, "integrali inakwenda infiniti" inakuambia tu kwamba jumla nayo inakwenda. Haikuambii inakwenda kwa mwendo gani.

Mwana Ukerewe
Shikamoo mwalimu. Mbona mimi nafuata njia hiyohiyo kwa 1/k² napata integrali ya 1 hadi infiniti ni 1, lakini kitabuni jumla ni 1.6449? Au kitabu kimekosewa?

Mwalimu wa Nyegezi
Marahaba. Kitabu kiko sawa. Mchoro ule ule unakuambia jumla iko kati ya 1 na 2, basi. Integrali haijawahi kuahidi kuwa *ndiyo* jumla. Unaona sasa Jiwe Kubwa, hiyo "=" ukiiacha ipite leo, kesho inazaa hili.

Jiwe Kubwa
Usinibebeshe makosa ya Ukerewe. Mimi najua vizuri kwamba jumla na integrali hutofautiana kwa konstanti tu, daima. Hapa ni 0.577 na ushee. Konstanti haibadilishi kasi. Gawanya jumla kwa ln n, uwiano unakwenda 1. Kumi kwa kumi. Na kama ni tarakimu mnazitaka, mwanahisabati Mascheroni mwaka 1790 alichapisha 32 za konstanti hiyo na akakosea kuanzia ya 20. Naye mngempa nne?

Fundi wa Nyakato
Uwiano unakwenda 1 kwa mwendo wa kobe. n ikiwa 10 uko 1.27. Ikifika milioni bado uko 1.04, yaani umekosea asilimia nne baada ya kujumlisha vitu milioni moja. Kwa anayehitaji namba, ln n peke yake haimfai.

Mwalimu wa Nyegezi
Hilo neno "daima" ndilo limenichoma. Nani kakudanganya?

Angalia vile vipembe vinavyotokeza juu ya kurva. Kwa 1/x ni vingi bila mwisho, lakini ukivisukuma vyote kushoto hadi kwenye mstatili wa kwanza vinapangana kimoja chini ya kingine bila kugusana, na sanduku lile lina eneo la 1 tu. Ndiyo maana tofauti inatulia. Tena kurva imebonyea chini, kwa hiyo kila kipembe kinazidi kidogo nusu ya kisanduku chake, na jumla ya vyote inazidi nusu: 0.5772. Haya yote yanasimama kwa sababu 1/x *inashuka* kuelekea sifuri.

Chukua √k. Jumla hadi 100 ni 671.46, integrali kutoka 0 ni 666.67. Tofauti inakaribia 5, na ukienda hadi 10,000 inakaribia 50. Hiyo siyo konstanti, inakua kama nusu ya √n. Hapo angalau uwiano bado unakwenda 1. Sasa chukua 2^k kuanzia sifuri. Jumla ni karibu 2 × 2^n, integrali ni karibu 1.44 × 2^n. Uwiano unakaa 1.386 milele. Kipembe cha mwisho ni kikubwa karibu sawa na vyote vilivyotangulia, hakuna sanduku la kukiweka.

Jiwe Kubwa
Haya, "daima" naifuta. Swali lilikuwa la 1/k lakini. Mnasahihisha karatasi ya mtoto au yangu?

Binti Igoma
Swali langu naona limeshapanda kivuko limekwenda Kamanga. Tuseme mwanafunzi alitaka kupata jumla hadi milioni moja kwa mkono. Mipaka ya mwalimu inampa kati ya 13.8 na 14.8. Ndiyo basi?

Mwalimu wa Nyegezi
Hapana, na hapa ndipo integrali inapokuwa chombo. Pengo la 1 lote linatoka kwenye mistatili ya mwanzo, ile mirefu. Hiyo usiikadirie, ijumlishe. Kumi za kwanza ni 2.928968. Kisha bana mkia tu, kutoka 11 hadi milioni: hauzidi ln(1000000/10) = 11.5129, haupungui ln(1000001/11) = 11.4176. Jumla nzima iko kati ya 14.3466 na 14.4419. Pengo limeshuka kutoka 1 hadi chini ya 0.1 kwa kazi ya dakika mbili.

Ukitaka zaidi, acha kuweka mstatili pembeni, uweke katikati. Mstatili wa k ukae kati ya k − ½ na k + ½, kinachotokeza upande mmoja kinafidia pengo la upande wa pili. Integrali inatoka 10.5 hadi 1000000.5, inatoa 11.4641, jumla 14.3931. Jibu la kweli ni 14.3927. Ila ujue umebadili kitu: hapa una kadirio lililo juu kidogo, huna tena mipaka miwili ya kukulinda.

Mwana Ukerewe
Kwani kompyuta si ingejumlisha tu? Nasikia hata hiyo jumla haiendi infiniti, kompyuta inasimama kwenye 15.

Fundi wa Nyakato
Inasimama, na sababu inaonekana. Endesha hii:

```python
import numpy as np
s = np.float32(0)
k = 1
while True:
    t = s + np.float32(1) / np.float32(k)
    if t == s:
        break
    s = t
    k += 1
print(k, s)
```

Itagoma k ikiwa karibu 2,097,152, ikichapa 15.403683. Namba za float32 zikiwa kati ya 8 na 16 zinapishana kwa 2^-20. Ukiongeza kitu kisichozidi nusu ya hapo, kinafutwa. 1/2097152 ni 2^-21, nusu kamili. Kuanzia hapo unamwaga maji kwenye gunia.

Lakini kusimama siyo ubaya mkubwa. Tumia ln n + 0.5772 kwa k hiyo hiyo: 15.1333. Kompyuta imesimama *juu* ya jibu kwa 0.27, kwa sababu kabla ya kugoma kila nyongeza ndogo ilikuwa inakatwa kwenda juu hadi 2^-20 nzima. Bila integrali usingeshtuka, ungeiamini 15.40. Jumlisha kutoka mwisho kuja mwanzo, ndogo kwanza, au tumia float64. Na ukitaka kuvuka 20 kwa uaminifu unahitaji namba zaidi ya milioni 272, hivyo usiite mashine mbovu.

Mchuuzi wa Mwaloni
Bagosha, hii jumla nilidhani ni ya darasani tu, kumbe ndiyo ile ya rekodi. Uzito wa dagaa unaoshuka Kirumba ukiandikwa kila siku, siku ya i kuvunja rekodi ya zote zilizopita ina nafasi ya 1/i. Kwa mwaka mmoja rekodi zitarajiwe ln 365 + 0.577, karibu sita na nusu. Mbona daftari la mwaka linaonyesha zaidi?

Fundi wa Nyakato
Hesabu yako ya 6.48 ni safi. Na mwaka wa pili unaongeza ln 2 tu, 0.69, rekodi isiyofika hata moja. Hiyo ndiyo kasi ya ln n kwa macho.

Jiwe Kubwa
Kwa dagaa? Nyie mmewahi kuona ziwa usiku? Dagaa wanavuliwa kwa taa wakati wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali karabai haimvuti mtu, mitumbwi inakaa. Daftari likianza siku za mbalamwezi, uzito unapanda kila usiku kuelekea giza na kila siku ni rekodi. Hiyo 1/i imetoka wapi?

Mwalimu wa Nyegezi
Kwa mara ya kwanza leo nakubaliana na Jiwe Kubwa. 1/i inataka siku zote ziwe na nafasi sawa ya kuwa nzito kuliko zote. Mwezi unaivunja. Chukua namba moja tu kwa kila giza, ule usiku bora. Kwa magiza 12 unapata 3.10. Tena hiyo ni kama mavuno hayana msimu.

Mchuuzi wa Mwaloni
Yana msimu. Na nyavu zinabadilika.

Jiwe Kubwa
Sasa mbona hapa hamkuandika "="? Mtoto wa watu kapewa nne kwa kosa ambalo nyie mnalifanya kwa dagaa.

Mwalimu wa Nyegezi
Niliandika "unapata", na nikasema masharti. Angeandika "~" badala ya "=" na ile mistari miwili, kumi yake ningeisaini mwenyewe.

Binti Igoma
Aliandika "=" na mchoro alichora, mistatili ipo, ila hakuisukuma kushoto. Mpaka wa chini tu ndio ulioonekana.

Fundi wa Nyakato
Basi kathibitisha ln(n+1) ≤ jumla, nusu ya kazi. Sita.

Jiwe Kubwa
Sita imetoka wapi tena?